Linki ya picha si picha

“Nimekutumia linki ya picha ya risiti, mbona unasema huoni kitu? Kwangu inafunguka vizuri.”

Dada, linki ni anwani tu, picha yenyewe haisafiri nayo. Na hii uliyonakili kutoka WhatsApp ya kwenye kompyuta inaanza hivi:

```
blob:https://web.whatsapp.com/
```

Neno `blob:` la mwanzo ndilo linalotueleza kila kitu. Hiyo anwani haiko mtandaoni kabisa. Kivinjari chako kimeitunga chenyewe, na inaelekeza kwenye kumbukumbu ya muda ya kompyuta yako. Kwako inafunguka kwa sababu picha imo humo. Mimi nikiibofya, kivinjari changu kinatafuta kwenye kumbukumbu yake na hakikuti kitu. Hata wewe, ukishafunga ukurasa ule wa WhatsApp, linki hiyo imekufa. Ijaribu kwenye simu yako utaona.

Linki inayoanza na `https:` nayo yaweza kugoma, hasa ya Google Drive ambayo mwenyewe hajairuhusu kwa wengine: mpokeaji anaombwa kuingia kwa akaunti au kuomba ruhusa.

Kwa hiyo nitumie faili lenyewe. Fungua picha, ipakue, kisha iambatishe kwenye barua pepe. Ukiituma kwa WhatsApp, chagua kutuma kama hati, usiitume kama picha ya kawaida, maana picha ya kawaida hubanwa, na zile tarakimu ndogo za risiti zinafifia hadi 3 na 8 hazitofautiani.