Mkato uliofanya kazi ya nukta: dhana potofu na ukweli kwa mwandishi wa ripoti

Dhana: Mkato huwekwa pale msomaji anapovuta pumzi.

Kanuni hii hufundishwa darasani, na humfaa mtoto anayesoma kwa sauti. Kwenye ripoti ndiyo inayozaa makosa mengi, kwa sababu pumzi hukatika hata mahali ambapo sentensi imeshaisha. Mwandishi akifika hapo huweka mkato na kuendelea:

*Pampu iliharibika, maji yalikatika.*

Upande wa kushoto wa mkato ni sentensi kamili, na wa kulia pia. Kiswahili hurahisisha kosa hili, maana kitenzi chetu kimebeba kiima na wakati ndani yake. *Yalikatika* peke yake ni sentensi. Kwa hiyo usipime kwa pumzi, pima kwa kitenzi: weka nukta mahali pa mkato, kisha usome kila upande peke yake. Pande zote mbili zikisimama, na hakuna neno linaloziunganisha, mkato umebebeshwa mzigo wa nukta. Usipokuwapo hata mkato, sentensi zimeparamiana tu, na kipimo ni kilekile.

Dhana: Kosa ni urefu, kwa hiyo fupisha.

Sentensi iliyopita hapo juu ina maneno manne na ina kosa. Hii ina maneno 21 na haina:

*Ingawa kamati iliagiza beringi mara tu fundi alipokamilisha ukaguzi, mzigo ulichelewa bandarini kwa sababu hati iliyoambatanishwa haikuwa na muhuri wa msambazaji.*

Tafuta kitenzi kinachojitegemea, utapata kimoja: *ulichelewa*. Vingine vyote vimefungwa, ama na *ingawa* na *kwa sababu*, ama na *-po-* ya *alipokamilisha*, ama na *-yo-* ya *iliyoambatanishwa*. Msomaji hapotei, kwa sababu kila kishazi kinamwambia kinamtegemea nani.

Dhana: Mkato kati ya vitenzi viwili ni kosa siku zote.

Hapa wahariri wenye bidii huharibu maandishi mazuri. *Fundi alifika, akafungua pampu, akasafisha chujio* haina tatizo lolote: *-ka-* yenyewe inasema kitendo kimefuata kingine. Vivyo hivyo *Maji yakipungua, pampu hujizima* na *Fundi alipofika, kamati ilikuwa imeshaondoka*. Kinachotia shaka ni kitenzi cha pili chenye *-li-*, *-na-*, *-me-* au *-ta-* kilichokaa baada ya mkato bila kiunganishi wala kirejeshi. *Fundi alifika, alifungua pampu, alisafisha chujio* hupita kwenye mazungumzo, lakini kwenye ripoti rasmi irudishe kwenye *-ka-*. Sharti ni moja: matukio yawe yamefuatana kweli. Usitumie *-ka-* kuunganisha mambo mawili yaliyokuwa yakiendelea kwa wakati mmoja.

Dhana: "Hata hivyo" baada ya mkato inatosha kuunganisha.

*Na*, *lakini*, *au*, *bali* na *wala* huunganisha sentensi mbili baada ya mkato. *Hata hivyo*, *aidha*, *vilevile* na *matokeo yake* hazina nguvu hiyo; hizo huonyesha tu uhusiano na sentensi iliyotangulia. Jaribu kulihamisha neno: *Beringi, hata hivyo, hazijafika* inakubalika, ilhali *Beringi, lakini, hazijafika* inakwaza sikio. Neno linalohamishika hivyo linataka nukta au nukta mkato mbele yake. Kuhusu *kwa hiyo* wahariri hawapatani, na wengi huiachia mkato. Kwenye ripoti, nukta mkato ni salama zaidi.

Dhana: Dawa ni kuweka nukta kila palipo na mkato wenye kosa.

Hii ndiyo inayotuletea ripoti zinazosomeka kama orodha ya dukani. Chukua aya hii ya mradi wa maji:

*Kisima kilichimbwa mwezi Machi, pampu ilifungwa tarehe 16 Aprili, ilifanya kazi wiki sita, tarehe 28 Mei ilizimika, fundi aliikagua akakuta beringi zimekwisha, kwa hiyo kamati iliagiza beringi mpya, hata hivyo hazijafika mpaka sasa wananchi wananunua maji shilingi 500 kwa ndoo.*

Ina sentensi huru nane na maungio saba. Ukiweka nukta kila ungio utapata: *Kisima kilichimbwa mwezi Machi. Pampu ilifungwa tarehe 16 Aprili. Ilifanya kazi wiki sita. Tarehe 28 Mei ilizimika…* Kosa la mkato limeondoka, na uhusiano nao umeondoka. Tena *pampu* na *kamati* zote huchukua *i-*, hivyo kadiri nukta zinavyoongezeka ndivyo msomaji anavyolazimika kukisia ni nani aliyefanya nini.

Njia bora ni kuuliza, kwenye kila ungio, mambo haya mawili yanahusianaje. Kufungwa kwa pampu ni maelezo ya pampu tu, basi *ilifungwa* inakuwa *iliyofungwa*. Kuzimika ndiko kulikokomesha zile wiki sita, basi *hadi ilipozimika*. Ukaguzi ulitangulia agizo la beringi, basi *baada ya fundi kuikagua*. Ungio la mwisho, lisilo na alama yoyote, ndilo lenye hatari kuliko yote: je, beringi hazijafika mpaka sasa, au mpaka sasa wananchi wananunua maji? Hapo hakuna kanuni ya kukusaidia, muulize aliyeandika. Tuseme amejibu kwamba *mpaka sasa* ni ya wananchi:

*Kisima kilichimbwa mwezi Machi, na pampu yake, iliyofungwa tarehe 16 Aprili, ilifanya kazi kwa wiki sita hadi ilipozimika tarehe 28 Mei. Baada ya fundi kuikagua na kukuta beringi zimekwisha, kamati iliagiza beringi mpya. Hata hivyo, beringi hizo hazijafika; mpaka sasa wananchi wananunua maji kwa shilingi 500 kwa ndoo.*

Sentensi tatu. Sentensi huru tatu kati ya nane zimegeuzwa kuwa tegemezi, na hakuna taarifa iliyoongezwa wala kupotea. Nukta mkato imebaki moja, mahali ambapo jambo la pili ni tokeo la la kwanza na yote mawili yana uzito sawa. Ukiona umeweka tatu kwenye aya moja, unazitumia kukwepa kuchagua kiunganishi.

Dhana: Kiunganishi chochote kitafaa, mradi sarufi imekaa sawa.

Rudi kwenye pampu na maji. *Pampu ilipoharibika, maji yalikatika* imesahihishwa kwa herufi mbili tu, lakini inadai wakati, si sababu. *Maji yalikatika kwa sababu pampu iliharibika* inadai sababu. Kama bomba la kijiji lilipasuka siku hiyohiyo, sentensi ya pili inaweza kuwa uongo ulioandikwa kwa sarufi safi. Ukiwa huna uthibitisho wa sababu, baki na *-po-*.

Dhana: Ukishaondoa mikato yenye kosa, umemaliza.

Kukatakata huacha vipande. Pitia mara ya mwisho ukitazama mianzo ya sentensi tu, hasa zinazoanza na *Ambayo*, *Ingawa*, *Kwa sababu* na *Ili*. *Ingawa fundi alifika mapema.* ni nusu sentensi: ama iunganishe na jirani yake, ama ondoa *ingawa*. *Ambayo ilisababisha kuchelewa.* haitengenezeki kwa kuondoa neno. Irudishe ilikotoka, au itajie kiima chake: *Hitilafu hiyo ilisababisha kuchelewa.*