Nguzo fupi za mwisho kwenye grafu ya kipindupindu

Kila kipindupindu kinapoingia kwenye mialo yetu ya Kanda ya Ziwa, watu huanza kutumiana grafu kwenye simu. Viongozi wa mtaa, walimu, hata ndugu zangu wa nyumbani huniuliza swali moja: "Kimeanza kupungua?" Wanachoangalia ni nguzo mbili tatu za mwisho upande wa kulia, ambazo ni fupi kuliko za nyuma yake. Kazi yangu ni kufuatilia milipuko ya magonjwa, na karibu kila mara huwajibu kwamba hizo nguzo za mwisho bado hazijasema kitu.

Grafu ya mlipuko huwa na tarehe kwenye mstari wa chini na idadi ya wagonjwa wapya kwenye mstari wa wima. Wagonjwa wapya tu, si jumla tangu mwanzo; jumla haishuki kamwe. Tatizo lipo kwenye neno "tarehe", kwa sababu mgonjwa mmoja huwa nazo tatu: siku alipoanza kuharisha, siku alipofika zahanati, na siku taarifa yake ilipoingia kwenye orodha ya wilaya. Chukua mfano wa mvuvi wa dagaa aliye kambini kwenye kisiwa kidogo upande wa Ukerewe. Anaanza kuharisha Jumatatu usiku. Mtumbwi wa kumvusha unapatikana Jumanne mchana, na taarifa yake inafika wilayani Jumatano. Ukichora kwa siku ya taarifa, yeye ni mgonjwa wa Jumatano. Ukichora kwa siku ya kuanza kuugua, ni wa Jumatatu, na hiyo ndiyo grafu inayoonyesha ugonjwa wenyewe badala ya mwendo wa karatasi.

Lakini grafu hiyo nzuri ina deni. Jumanne nikiichora, nguzo ya Jumatatu inaweza kuwa na watu 4 tu. Nikiichora tena Jumamosi, nguzo hiyohiyo ya Jumatatu ina watu 11, kwa sababu wengine walikuwa bado wako njiani, au wanajaribu dawa za nyumbani kwanza. Ndiyo maana nguzo za mwisho huwa fupi hata ugonjwa unapopanda kwa kasi. Mimi huzipaka rangi ya kijivu na kuwaambia wenzangu wasizisome mpaka siku tatu nne zipite. Kwa grafu ya siku ya taarifa mtego ni mwingine: Jumapili hushuka na Jumatatu hupaa, kwa kuwa wanaoingiza taarifa walipumzika. Hapo dawa ni kuangalia wastani wa siku saba.

Basi kilele tunakijuaje? Tunakijua baada ya kukipita. Hakuna nguzo inayoweza kuitwa kilele siku ileile inapochorwa.

Kwa kipindupindu kuna kipimo kinachosaidia sana. Tangu mtu ameze vijidudu mpaka aanze kuharisha hupita saa chache hadi siku tano. Tuseme watu wamekunywa maji ya ziwa yasiyochemshwa kwenye sherehe moja ya Jumamosi. Kama chanzo ni hicho tu, nguzo zitapanda ghafla na kushuka, na ifikapo Alhamisi au Ijumaa zimekwisha. Nikiona wagonjwa wapya walioanza kuugua Jumapili inayofuata baada ya Ijumaa hiyo, najua kuna mlango mwingine haujafungwa: ama maji yaleyale bado yananywewa, au waliougua wameambukiza wa nyumbani kwao. Nguzo zikikaa kimo kilekile wiki nzima bila kilele, kwa kawaida natuma watu waende kuangalia maji kabla sijauliza jambo lingine.

Kushuka nako kuna sababu zake, na si kila mara ni juhudi zetu. Mwaka 1854 huko Soho, London, daktari John Snow alionyesha kwamba kipindupindu cha mtaa ule kilitoka kwenye pampu ya Broad Street, na mpini wa pampu ukaondolewa tarehe 8 Septemba. Ukiweka vifo kwenye grafu ya siku kwa siku utaona vilianza kushuka siku kadhaa kabla ya hapo, kwa sababu watu wengi walikuwa wameshaukimbia mtaa. Snow mwenyewe alilikubali hilo. Ninaipenda sana habari hii: alikuwa sahihi kuhusu pampu, na bado hakujipa sifa ambayo grafu haikumpa.

Mawimbi husomwa vibaya zaidi. Ukijumlisha Mwanza yote kwenye grafu moja, unaweza kuona vilele viwili na bonde katikati, ukasema ugonjwa ulitulia kisha ukarudi. Ukizigawa grafu kwa wilaya, huenda ukakuta kilele cha kwanza ni cha visiwani na cha pili ni cha mjini. Hakuna mahali ulipotulia. Ulihama tu na mitumbwi. Wavuvi wa dagaa huvua usiku wa giza na kupumzika mbalamwezi inapokuwa kubwa, na wengi hurudi makwao wakati huo, kwa hiyo mimi huwa na kalenda ya mwezi pembeni ninapochora.

Sasa lile neno la kulaza mkunjo, lililoenea sana wakati wa UVIKO-19. Wengi walilielewa kama kumaliza ugonjwa. Tufanye hesabu ya mfano. Kambi ya kipindupindu ina vitanda 20, kila mgonjwa mahututi hulazwa siku tatu, na mlipuko utaleta wagonjwa mahututi 120. Wakija ndani ya siku nane kwa mpangilio wa 5, 10, 20, 30, 25, 15, 10 na 5, kilele cha wagonjwa wapya ni siku ya nne. Lakini waliolala kambini siku ya tano ni 25 wapya, 30 wa siku ya nne na 20 wa siku ya tatu, yaani watu 75 kwa vitanda 20. Kilele cha vitanda huja nyuma ya kilele cha wagonjwa wapya, na hapo ndipo watu hufa. Mtu mzima wa kilo 60 aliyekaukiwa sana anahitaji takriban lita 6 za dripu ndani ya saa tatu za mwanzo. Wagonjwa 30 wa siku moja ni lita 180, na kila mmoja anahitaji muuguzi wa kumtafutia mshipa.

Watu haohao 120 wakija 6 kwa siku kwa siku 20, kambi inalaza 18 na vitanda viwili vinabaki. Wagonjwa hawakupungua hata mmoja, ila kila mmoja alipata kitanda, na kipindupindu kinachotibiwa vizuri huua chini ya mtu mmoja kati ya mia. Huo ndio mkunjo uliolazwa: mfupi kwa kimo, mrefu kwa siku. Kiongozi akiuona baada ya wiki mbili atalalamika kwamba ugonjwa hauishi, wakati kambi ndiyo inafanya kazi yake. Kwenye kipindupindu tuna nafasi ya ziada, kwa kuwa klorini ndani ya ndoo za maji haisambazi tu wagonjwa kwenye siku nyingi, bali hupunguza hata ile 120.

Kuhusu nguzo za sifuri, huwa nauliza kwanza kama kuna aliyetafuta. Mwaka 2020 takwimu za UVIKO-19 za nchi yetu zilisimama kwenye watu 509, na mstari bapa wa namna hiyo hausemi lolote juu ya ugonjwa. Sifuri ya kweli huhesabiwa. Marburg ilipoingia Kagera mwaka 2023, mwisho wake haukutangazwa mpaka siku 42 zilipopita bila mgonjwa mpya, yaani mara mbili ya siku 21 ambazo kirusi hicho kinaweza kujificha mwilini kabla ya dalili, na siku zote hizo ufuatiliaji uliendelea.