Miaka ya uzoefu kwenye tangazo la kazi: ipi ni sharti, ipi ni matamanio ya bosi

Kwa miaka kadhaa nimekaa upande wa pili wa meza, kwenye kampuni binafsi hapa Dar es Salaam, nikisoma maombi ya kazi na kufanya mchujo. Swali ninaloulizwa sana na vijana wa mtaani kwetu ni hili: "Kaka, wametaka miaka mitatu, mimi ninayo miwili. Niombe au niache?" Wapo wanaoamini hiyo namba ni ukuta. Wapo pia walioambiwa kwenye magrupu ya WhatsApp kwamba ni geresha tu, uombe kila kitu. Wote wanakosea mahali pamoja: wanaikodolea macho namba, wakati jambo la kutafuta ni nani aliyeiweka, na kama anayefanya mchujo ana ruhusa ya kuisamehe.

Dhana: Wakiandika "usiopungua", basi wamemaanisha

Laiti watu wangejua matangazo yanavyoandikwa. Mara nyingi afisa rasilimali watu huchukua tangazo la mwaka juzi, akabadilisha tarehe, kisha akamtumia ujumbe mkuu wa idara: "Uzoefu niweke miaka mingapi?" Mkuu wa idara yuko kwenye kikao, anajibu, "Weka mitatu." Maneno kama "usiopungua", "lazima" na "wasiokidhi vigezo hawatafikiriwa" yalikuwemo tayari kwenye lile tangazo la zamani. Hakuna aliyekaa kuyapima.

Na ile mitatu maana yake nini? Kwa kawaida bosi anasema: sina muda wa kumfundisha mtu kuanzia alifu. Anataka atakayekaa kwenye kiti Jumatatu na kufunga hesabu mwisho wa mwezi bila kushikwa mkono. Wakati mwingine namba huwekwa kupunguza tu wingi wa maombi.

Kwa hiyo usihukumu kwa ukali wa maneno. Tazama namba ilivyoumbwa. "Uzoefu wa miaka 3" peke yake, bila kusemwa ni ya kitu gani, ni laini. "Miaka 3 hadi 5" nayo ni laini, maana mwandishi mwenyewe ameonyesha anakadiria. Ila ukikuta "miaka 7 baada ya kusajiliwa, kati yake 3 katika usimamizi wa barabara za lami", hiyo haikutoka kichwani mwa bosi aliyekuwa kikaoni. Namba yenye tabaka mbili, iliyotaja inaanza kuhesabiwa lini, karibu kila mara imenakiliwa kutoka kwenye waraka mwingine.

Kipimo kingine ni majukumu. Tangazo likitaka miaka mitano lakini kazi zenyewe ni kuandika ankara, kutunza mafaili na kumsaidia mhasibu mwandamizi, hapo miaka na kazi havilingani, na mshahara utafuata kazi. Namba kama hiyo hulegea yenyewe wasailiwa wenye miaka mitano wakishatajiwa malipo.

Dhana: Serikalini na kampuni binafsi, mchujo ni uleule

Hapa ndipo watu hupoteza muda wao. Nchini Tanzania, nafasi nyingi za serikali hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma kupitia Ajira Portal, na sifa zilizoandikwa hutokana na muundo wa utumishi wa kada husika. Anayefanya mchujo hana uhuru wa kusema "huyu kapungukiwa miezi minne lakini anaonekana mchapakazi". Akimpitisha, mwombaji mwingine aliyeachwa kwa upungufu uleule ana haki ya kulalamika, na faili litakaguliwa. Miaka minne na miezi minane si mitano. Basi.

Habari njema iko kwenye jina la cheo, na wengi hawalisomi. Nafasi za kuanzia, zile za Daraja la II kama Afisa Tehama Daraja la II, kwa kawaida hutaja elimu tu bila uzoefu wowote. Miaka hujitokeza kwenye vyeo vya juu, na kwenye nafasi za usimamizi za taasisi na mashirika. Nimeshakutana na mhitimu aliyeacha kuomba Daraja la II kwa kudhani lazima watataka uzoefu, huku akiomba nafasi ya mwandamizi kwa kutumaini huruma. Alifanya kinyume kabisa.

Umoja wa Mataifa nao, wenye ofisi kubwa Nairobi, wana ngazi zao za wataalamu: P-2 kwa kawaida ni miaka 2, P-3 ni 5, P-4 ni 7. Hapo kuna mlango mmoja ulio rasmi. Matangazo yao mengi husema mwenye shahada ya kwanza anaweza kukubaliwa mahali pa shahada ya uzamili akiwa na miaka 2 ya ziada. Huo si ulegevu wa mchujaji, ni kanuni iliyoandikwa. Kama haikuandikwa kwenye tangazo, usiitarajie.

Na kuna namba ambazo hata mwenye mamlaka makubwa hawezi kuzigusa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 166, inataka Jaji Mkuu awe na uzoefu wa angalau miaka 15, na majaji wa Mahakama Kuu miaka 10.

Dhana: Kampuni binafsi wanaweza kulegeza wakitaka

Mara nyingi ndiyo, ila si kila mara, na hili huwashangaza hata wanaojua mambo ya ajira. Chukua kampuni ndogo ya ujenzi inayotafuta mhandisi wa miaka 7. Bosi anaweza kukupenda tangu dakika ya kwanza na bado asikuajiri. Sababu iko kwenye zabuni. Taasisi ya umma inapotangaza zabuni kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa umma, nyaraka za zabuni huweza kutaja wataalamu wanaotakiwa na miaka ya kila mmoja. Kampuni hupakia wasifu wa wataalamu wake, na mtu mmoja asipofikisha miaka, zabuni nzima inaweza kuanguka kwenye tathmini. Ile namba ni ya mteja. Bosi anaibeba tu.

Miradi ya wafadhili huenda hivyohivyo. Nafasi kama meneja wa mradi au mkuu wa fedha huwa imeandikwa kwenye andiko la mradi, na jina la mtu hupelekwa kwa mfadhili aidhinishe. Ndani ya shirika hilohilo, nafasi ya afisa wa kawaida inaweza kuwa laini kabisa. Ukiona tangazo linasema "kutegemea kupatikana kwa fedha" au "kutegemea idhini ya mfadhili", chukulia miaka yake ni migumu.

Usajili wa kitaaluma nao unaficha miaka ndani yake. Tangazo linalotaka mtu aliyesajiliwa na NBAA, bodi ya wahasibu, kama mhasibu aliyeidhinishwa tayari limedai miaka ya kazi, hata kama halikuandika hivyo, kwa sababu kufaulu mitihani ya CPA(T) peke yake hakutoshi, bodi hutaka na uzoefu.

Dhana: Mafunzo kwa vitendo na kujitolea havihesabiwi

Inategemea yalifanyika lini na ulifanya nini. Niwape mfano wa binti wa jirani yangu, ambaye tulikaa naye barazani na kalenda mkononi.

Tangazo lilitoka kwenye kampuni ya usafirishaji mizigo karibu na bandari: mhasibu, shahada ya uhasibu, uzoefu wa miaka 3, CPA(T) itakuwa sifa ya ziada. Kazi zilizotajwa zilikuwa ankara za wateja, kulinganisha daftari na taarifa ya benki, na kuwasilisha ritani za VAT. Yeye alihitimu Novemba 2021. Alikuwa na field ya miezi 2 alipokuwa chuoni, kisha mafunzo ya utarajali kuanzia Februari 2022 hadi Januari 2023, kisha ajira kwa muuza vifaa vya ujenzi kuanzia Machi 2023. Ilikuwa mwisho wa Aprili 2024.

Field ya chuoni tuliiacha, kwa sababu ilikuwa sehemu ya masomo. Utarajali ni miezi 12. Kazi ni miezi 14. Jumla 26, wakati walitaka 36. Alikuwa pia akimtunzia shangazi yake hesabu za duka jioni, akataka tuongeze mwaka mmoja hapo. Nikamkatalia: miezi ileile haihesabiwi mara mbili, kalenda ina Machi moja tu.

Anapungukiwa miezi 10. Je, namba ni ngumu? Tabaka ni moja, haikutaja usajili, hakuna mfadhili wala zabuni, na bosi wa fedha ndiye atakayemsimamia. Halafu kwenye kazi tatu zilizotajwa, mbili alikuwa akizifanya peke yake: alikuwa amewasilisha ritani za VAT zaidi ya mara 10, kila moja kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Tukaandika hivyo, aya ya kwanza ya barua, tukataja miezi 26 waziwazi. Hatukuandika "takribani miaka mitatu". Anayechuja akishagundua umemzungusha kwenye tarehe, hasomi tena mengine, na taarifa yako ya michango ya NSSF inaonyesha mwajiri alianza kukuchangia mwezi gani.

Aliitwa kwenye usaili. Hakuna aliyemuuliza miaka. Walimuuliza anafanyaje mzabuni akileta ankara bila risiti ya EFD, akajibu kwamba kodi ya ununuzi huo haiwezi kudaiwa mpaka risiti ipatikane, akaeleza namna anavyowafuatilia. Kazi alipewa mwingine, mwenye uzoefu wa forodha. Kilichomwangusha ni kile kipengele cha usafirishaji, ambacho alikikosa kabisa.

Dhana: Ukizidisha miaka uko salama

Siyo. Mwenye miaka 12 akiomba nafasi ya miaka 2, mchujaji huwaza mshahara, na huwaza ataondoka lini. Akiwa na sababu, kwa mfano anabadili fani au anarudi mkoani kwao, aiandike, maana hakuna atakayeikisia.

Kuna jambo moja la mitambo. Baadhi ya mifumo ya maombi hukuuliza "Una uzoefu wa miaka mingapi?", na mwajiri anaweza kuupanga uwaweke kando wote walio chini ya namba fulani kabla mtu hajafungua wasifu. Hapo barua nzuri haisaidii, kwa sababu haisomwi. Mfumo ukikuuliza hivyo, jibu ukweli, halafu tafuta simu ya ofisi.

Ukipiga, usiulize "naweza kuomba nikiwa na miaka miwili?", maana utajibiwa "omba tu". Uliza hivi: "Samahani dada, hiyo miaka mitatu inahesabiwa kuanzia kuhitimu au kuanzia kusajiliwa?" Akisema, "Ngoja nimuulize bosi," namba iko mikononi mwa bosi. Akikujibu papo hapo na kukutajia muundo, zabuni au mfadhili, mshukuru na ukate simu.