Honi haimvushi asiyeona

"Nikisimamisha gari na kumpigia honi mtu wa fimbo nyeupe, si namsaidia ajue kwamba apite?"

Hapana, unamziba masikio. Chukua barabara ya hapa Goma, Kongo, kuelekea mzunguko wa Signers. Kwa kuwa hapa tunaendesha upande wa kulia, magari ya kwanza kumfikia hutoka kushoto kwake. Anasimama ukingoni, ananyoosha fimbo mbele ili aonekane, kisha anasikiliza: injini inapungua nguvu, tairi zinaacha kusaga changarawe. Honi inafunika hayo yote, wala haimwambii imelia kwa ajili ya nani. Kibaya zaidi ni pikipiki inayokupita ubavuni huku wewe umesimama kwa heshima zako. Asipoisikia, ataingia mbele yake.

Kumpungia mkono ni bure, na kumwambia "pita, papa!" ni kumwahidi kwa niaba ya wamotari usiowaongoza.

Simama hatua moja au mbili kabla ya njia yake, usiikanyage, na uiache injini ingurume polepole ili ajue ulipo. Ngoja. Akirudisha fimbo na kupiga hatua nyuma, hajawa tayari. Unaweza kuendelea taratibu.

Mwenye mbwa mwongozaji vilevile. Mbwa hasomi taa: anayeamua kuvuka ni mtu, kwa kusikiliza. Mbwa amefunzwa kugoma akiona gari linakuja, kwa hiyo usimwite wala kumpigia mluzi. Ondoka wakishafika ng'ambo, si wakishapita boneti yako.