Mstari wa faida ukishuka chini ya wastani wake: dhana potofu na ukweli

Kanuni yenyewe ni fupi. Unajumlisha matokeo ya mkakati wako, biashara moja baada ya nyingine, upate mstari unaopanda na kushuka. Juu ya mstari huo unachora wastani wa nukta chache za mwisho. Mstari ukiwa juu ya wastani unaingia kwa loti yako ya kawaida, ukiwa chini unapunguza loti au unasimama. Wengi huiharibu wakati wa kuitumia.

Dhana: mstari wa kufuatilia ni salio la akaunti yangu.

Ukisimama, salio nalo linasimama. Ukihesabu wastani kwa siku, utashuka taratibu hadi ulingane na salio, na utarudi sokoni kwa sababu siku zimepita tu, wala si kwa sababu mkakati umepona. Ukihesabu kwa biashara, hakuna nukta mpya itakayoongezeka, basi hutarudi kamwe.

Dawa yake ni daftari kivuli. Kila ishara ya mkakati inaandikwa humo kwa ukubwa kamili, pamoja na spredi na kamisheni, hata ile ambayo hukuingia. Andika matokeo kwa R, yaani kiasi ulichokubali kupoteza kwenye biashara moja: ukipoteza chote ni -1, ukipata mara mbili yake ni +2. Hapo pesa unayoweka au kutoa kwenye akaunti haitavuruga mstari.

Tuseme daftari lina biashara 10: +2, -1, +2, -1, +2, -1, -1, -1, +2, +2. Jumla inakwenda 2, 1, 3, 2, 4, 3, 2, 1, 3, 5. Tutumie wastani wa nukta tano. Baada ya biashara ya 7 mstari uko 2 na wastani ni 2.8, kwa hiyo ya 8 unaingia na nusu. Baada ya ya 8 mstari ni 1 na wastani ni 2.4, basi ya 9 pia ni nusu. Baada ya ya 9 mstari ni 3, wastani 2.6, na ya 10 unarudi ukubwa kamili.

Dhana: kuwa chini ya wastani kunaonyesha kwamba biashara ijayo itapoteza.

Tazama ya 9 hapo juu. Ilileta +2, nawe ulikuwa na nusu. Bila kanuni ungemaliza na 5R, kwa kupunguza nusu 4.5R, na kwa kusimama kabisa 4R. Kushuka kutoka kileleni kungekuwa 3R, 2.5R na 2R kwa mpangilio huohuo. Umelipa faida, ukapata utulivu.

Utulivu huo, hata hivyo, ungeupata kwa njia ya kivivu zaidi. Kwa kupunguza nusu, wastani wa ukubwa wako katika biashara zote 10 ulikuwa 0.9. Ungeingia na 0.9 kila mara bila mchoro wowote, ungepata 4.5R ileile na kushuka kwa 2.7R. Tofauti ya 0.2R ndiyo kazi yote iliyofanywa na wastani, na biashara 10 hazitoshi kuthibitisha lolote.

Kanuni hii ina faida ya kweli pale tu hasara zinapofuatana kwa makundi, kwa mfano mkakati wa kufuata mwelekeo wakati soko limekaa bila mwelekeo kwa muda mrefu. Ikiwa kila matokeo hayategemei yaliyotangulia, unapunguza ukubwa tu. Ikiwa mkakati wako una tabia ya kupata mara tu baada ya kupoteza, unasimama wakati mbaya kuliko wote, na kwa maoni yangu hapo ni heri usiiguse kabisa.

Dhana: nimeijaribu kwenye historia, mstari umenyooka.

Angalia kwanza ni matokeo gani yaliamua nini. Kosa la kawaida ni kuhukumu biashara kwa mstari ambao tayari una matokeo yake yenyewe. Katika mfano wetu, kosa hilo lingeruka ya 7 na ya 8, lingechukua ya 9 kamili, na kanuni ya kusimama ingeonyesha 7R badala ya 4R. Hizo 3R hazipo. Kwenye Excel, jumla ikiwa safu C na biashara ya 1 ikiwa mstari wa 1, ukubwa wa biashara ya 8 ni:

```
=IF(C7<AVERAGE(C3:C7),0.5,1)
```

C8 haionekani humo. Biashara zinazoingiliana zinahitaji uangalifu zaidi: iliyo wazi bado haijaingia kwenye jumla.

Kisha chukua matokeo yaleyale ya mkakati wako, mamia kama unayo, uyachanganye mpangilio ovyo mara elfu moja na kila mara upitishe kanuni. Ikiwa mpangilio halisi haushindi sehemu kubwa ya ile ya kubahatisha, basi hasara zako hazina makundi. Ukianza kubadilisha urefu wa wastani, 10, 14, 23, hadi upate unaopendeza, jaribio lote linarudi mwanzo.