Wazo linakuwaje "kuhusu" kitu? Dhana potofu na ukweli

Dhana: Mbona hata ramani na vitabu vinahusu vitu, akili ina nini cha ajabu?
Ukweli: Ramani inahusu mji kwa sababu kuna watu wanaoisoma hivyo. Imeazima kwetu. Swali ni sisi tumeazima wapi.

Dhana: Wazo linahusu kitu kwa sababu kitu hicho ndo kimelileta kichwani, basi, kazi imeisha.
Ukweli: Haijaisha, hapa ndo inaanza. Mwaka 1874 mwanafalsafa Franz Brentano alisema mambo yote ya akilini, na hayo tu, huwa yanahusu kitu, yaani ukiogopa kuna unachokiogopa, hata kama hakipo duniani (na kisichokuwepo kitakuletea wazo vipi?). Sasa chukua mtu anapita gizani, anaona mbuzi kwa mbali, anadhani mbwa. Wazo lake la mbwa limeletwa na mbuzi. Kama maana ni chochote kinacholeta wazo, basi wazo hilo linamaanisha "mbwa, au mbuzi wa gizani", na jamaa hajakosea hata kidogo! Nadharia isiyomruhusu mtu kukosea haijaelezea fikra, imeelezea dalili tu, kama moshi na moto.

Dhana: Oke, mageuzi ya viumbe yatamaliza ubishi, tuangalie kila ishara kwenye ubongo ilidumu kwa ajili ya kazi gani.
Ukweli: Kwangu hili ndo jibu bora tulilonalo, mwanafalsafa Ruth Millikan alilijenga kwenye kitabu chake cha 1984. Moyo ukishindwa kusukuma damu, bado kazi yake ni kusukuma damu, kwa hiyo na ishara inaweza kufeli kazi yake, na kosa linapata nafasi. Safi kabisa, mpaka ufike kwa chura.

Mwaka 1959 mwanasayansi Jerome Lettvin na wenzake walipima neva zinazotoka kwenye jicho la chura, wakakuta nyingine zinashtuka hasa kikipita kidoa kidogo cheusi kinachosogea. Inzi akitulia tuli chura hana habari naye, anaweza kufa njaa huku kazungukwa na inzi waliokufa, ila pitisha kigololi cheusi mbele yake anakirushia ulimi. Je, amekosea? Kama ishara yake inasema "inzi" au "chakula", amekosea. Kama inasema "kidoa cheusi kinachosogea", ameona sawasawa, bahati tu ndo mbaya. Na mageuzi hayakusaidii kuchagua, maana kule chura alikokulia hivyo vitatu vilikuwa vinakuja pamoja, akinasa kimoja kanasa vyote, na mwanafalsafa Jerry Fodor aliwabana sana hapo wanaotegemea mageuzi.

Hata wenyewe wa kambi hiyo hawaelewani. Millikan anaangalia mtumiaji wa ishara, yaani mwili unaotaka kulishwa, kwa hiyo anasema chakula. Mwanafalsafa mwenzake Karen Neander anaangalia kile jicho linachoweza kukipambanua, anasema kidoa.