Rangi ya nembo kwenye lebo ya asali: dhana zinazoiharibu

Tuchukue lebo ya chupa ya asali ya Tabora. Nembo yake ni ya njano iliyoiva: kwenye skrini ni #F2A900, yaani RGB 242, 169, 0. Kwa uchapishaji, mwenye nembo amechagua asilimia za wino nne za CMYK, yaani samawati, majenta, njano na nyeusi: C0 M32 Y100 K0. Rangi moja, vipimo viwili, na vyote viwili huandikwa mahali pamoja.

Dhana: Nembo iliyotumwa WhatsApp yatosha kuchukulia rangi.

Si kweli. Picha ikibanwa kuwa JPEG, rangi za vidoti vilivyo jirani huchanganywa. Ukidonoa rangi katikati ya herufi utapata namba moja, ukidonoa karibu na ukingo utapata nyingine. Andika namba mwenyewe kwa kibodi.

Dhana: Tengeneza kila kitu kwa RGB, mwishoni geuza kuwa CMYK, programu inajua.

Programu haijui mwenye nembo aliamua nini. Hukokotoa tu kwa kufuata wasifu wa rangi uliowekwa, yaani maelezo ya jinsi mashine na karatasi fulani hutoa rangi, na njano yetu inaweza kutoka C4 M36 Y100 K0. Hiyo samawati kidogo ndiyo inayoudhi: vidoti vyake vikikaa juu ya njano, asali inachafuka na kuelekea kijani. Tena kompyuta nyingine yenye wasifu tofauti itatoa namba tofauti, ndiyo maana lebo za mwezi huu hazifanani na za mwezi uliopita.

Katika Illustrator, programu ya kuchora nembo, faili moja hubeba mfumo mmoja tu wa rangi, kwa hiyo weka faili mbili, ya skrini na ya kuchapa. Ukishabandika nembo kwenye faili ya CMYK, ichague yote, kwenye menyu ya Swatches bonyeza Add Selected Colors, fungua rangi hiyo, hakikisha Global ina alama, kisha andika 0, 32, 100, 0. Kila kipande kinachotumia rangi hiyo kitabadilika kwa pamoja. Vipande vilivyopakwa rangi bila kupitia Swatches havitafuata. Vitafute kwa Select > Same > Fill Color, na hapa ndipo wengi huacha ua moja au mstari mmoja nyuma. Unapohifadhi PDF, sehemu ya Output, kwenye Color Conversion chagua No Conversion.

Kabla ya kutuma, fungua Separations Preview, washa Overprint Preview, uache Cyan peke yake. Njano ya nembo isionekane kabisa. Ikibaki hata kivuli chake, kuna kipande hukukigusa.

Dhana: Nyeusi ni nyeusi.

Nyeusi ya RGB 0, 0, 0 ikigeuzwa hutoka na wino zote nne, mara nyingi kama C75 M68 Y67 K90. Kwenye maandishi madogo ya uzito na tarehe, karatasi ikiteleza kidogo tu mashineni herufi huota kingo za rangi. Maandishi hayo yape K100 peke yake.